Uzi: Nadharia, nadharia tete, dhana... Pendekezo langu limerudishwa, niandike nini na maneno haya niyatafute wapi?

Mwana_wa_Newala

Wakuu, habari za Kampala na kwingineko. Mimi ni Mtanzania, nasoma uzamili wa Kiswahili hapa mjini. Shahada ya kwanza nilisoma mambo ya biashara, yote kwa Kiingereza, kwa hiyo haipothesisi, methodolojia, literecha rivyu na ndugu zao nayafahamu kwa sura hiyo tu. Sasa pendekezo la utafiti linatakiwa liwe la Kiswahili mwanzo hadi mwisho.

Mada yangu ni matumizi ya Kiswahili katika upatanaji wa bei pale Kikuubo, mtaa wa biashara wa hapa Kampala. Sentensi mbili ndizo zilizopigwa wino zaidi:

"Nadharia ya utafiti huu ni kwamba Kiswahili ni lugha muhimu katika biashara ya Kikuubo."

"Methodolojia ya utafiti huu ni hojaji."

Pembeni ya ile ya kwanza msimamizi kaandika: "Hii si nadharia, wala si nadharia tete." Ya pili kaweka alama ya kuuliza tu. Kamusi ninayo ya kwenye simu, inanipa maneno matatu manne kwa kila neno bila kusema lipi ni la wapi. Naomba msaada wa kueleweka, nairudisha Ijumaa ya wiki ijayo.

Kasese_Juu

Karibu Uganda, sebo. Hiyo nyepesi. Nadharia tete maana yake ni nadharia dhaifu, ambayo haijapata nguvu. "Hali tete" unaisikia kwenye habari kila siku. Mimi ningekushauri uache kabisa hilo neno, uandike "dhana ya utafiti". Linasikika vizuri na hakuna atakayekupinga.

Mzee_Kiboko

Kijana, kama ni mambo ya kutafsiri karatasi, kuna vijana wa Barabara ya Nasser wanapiga chapa kila kitu. Vyeti vya kuzaliwa, leseni, barua. Unapeleka asubuhi, jioni unachukua.

Mwana_wa_Newala

Asante mzee, lakini sitafsiri cheti. Naandika tasnifu.

Bi_Msanifu

Mwana wa Newala, usifuate ushauri wa "dhana". Kasese, umeshika nusu. Kweli "tete" ni kitu ambacho hakijakomaa. Lakini kutokomaa si udhaifu. Nadharia tete ni kauli ambayo bado haijapita kwenye data. Ikishapita, itasimama au itaanguka. "Dhana" ni wazo linalobebwa na neno: dhana ya upatanaji, dhana ya lugha ya mawasiliano mapana. Dhana haipimwi, inafafanuliwa. Ukiandika "dhana ya utafiti huu ni kwamba..." msomaji atasubiri ufafanuzi, wewe umpe utabiri.

Sasa tuitazame sentensi yako, maana tatizo lake si neno peke yake. Hata ukibadilisha "nadharia" kuwa "nadharia tete", msimamizi ataipiga wino tena. Jiulize: nikienda Kikuubo, nitaona nini kitakachonilazimisha kukubali kwamba sentensi hii si kweli? "Kiswahili ni lugha muhimu" haina jibu la swali hilo. Muhimu kwa nani, kwa kipimo gani, kikilinganishwa na nini? Kauli isiyoweza kuanguka si nadharia tete. Ni maoni, au kwa lugha ya kistaarabu, ni sehemu ya usuli wa tatizo.

Na nadharia yenyewe ni kitu cha tatu. Nadharia ni maelezo mapana ambayo wengine wameshayajenga na wewe unayaazima. Kwa mada yako, Howard Giles tangu miaka ya 1970 ameeleza namna mzungumzaji anavyosogeza lahaja, lafudhi au hata lugha yake imwelekee msikilizaji anapotaka kukubaliwa naye. Hiyo ndiyo nadharia. Inakaa kwenye kiunzi cha nadharia. Kutoka humo unazaa nadharia tete yako: kama maelezo ya Giles ni kweli, basi muuzaji wa Kikuubo mwenye wateja wengi kutoka Kongo anapaswa kupatana bei kwa Kiswahili mara nyingi kuliko muuzaji wa wateja wa mjini hapa. Umeona? Nadharia haitaji Kikuubo. Nadharia tete inataja Kikuubo, inataja makundi mawili, na inaweza kuanguka.

Mwana_wa_Newala

Duh. Sasa naelewa zile alama nyekundu. Naomba nijaribu:

"Wauzaji wa jumla wa Kikuubo wanaouzia wateja kutoka nje ya Uganda hutumia Kiswahili katika upatanaji wa bei zaidi ya wauzaji wa rejareja."

Hapo vipi? Na je, lazima niwe na nadharia tete? Mwenzangu mmoja ana maswali ya utafiti tu na kapita.

Bi_Msanifu

Hapo pana nyama. Bado "zaidi" inahitaji kipimo: ni wauzaji wengi zaidi, au ni mara nyingi zaidi kwa muuzaji mmoja? Chagua moja, maana kila moja ina data yake. Kisha angalia makundi yako. Wa jumla ulimfunga na wateja wa nje, wa rejareja hukumfunga na mtu. Ukipata tofauti hutajua imeletwa na wateja au na aina ya biashara. Ama uwagawe kwa wateja pekee, ama kwa aina ya biashara pekee.

Kuhusu ulazima: hapana, si lazima, na mwenzako hajakosea. Rudi kwenye malengo mahususi uone vitenzi vyake. Lengo likisema "kubainisha lugha zinazotumika" au "kueleza mbinu za kiisimu za kupatana bei", hakuna cha kutabiri, swali la utafiti linatosha. Lengo likisema "kulinganisha" au "kuchunguza uhusiano kati ya", hapo nadharia tete ina kazi. Wanafunzi wengi huandika maswali matatu, halafu wanayageuza yale yale kuwa nadharia tete tatu kwa kuondoa alama ya kuuliza. Msimamizi makini anaona mara moja kwamba sehemu moja haina kazi. Kama idara yako inataka zote mbili, weka nadharia tete kwa lile lengo la kulinganisha tu, mengine yabaki maswali, na useme hivyo kwa sentensi moja.

Hesabu_Mbarara

Niongeze upande wa takwimu, kwa sababu ndipo maneno yanapoponzana zaidi. Chukulia makundi mawili kama alivyosema Bi Msanifu: wauzaji 30 ambao wateja wao wengi wanatoka nje, na 30 ambao wateja wao wengi ni wa hapa. Hizi namba ni za mfano tu, usiziandike kwako. Unamuuliza kila mmoja, na ikiwezekana unasikiliza mwenyewe: mara ya mwisho ulipopatana bei, ulitumia Kiswahili? Kundi la kwanza wanasema ndiyo 21, hapana 9. Kundi la pili ndiyo 12, hapana 18.

Jumla ya ndiyo ni 33, hapana 27. Kama wateja hawana athari yoyote, kila kundi lingekuwa na ndiyo 16.5 na hapana 13.5. Jaribio la kai-mraba linapima umbali kati ya ulichokiona na ulichotarajia:

```
(21-16.5)^2/16.5 + (9-13.5)^2/13.5
+ (12-16.5)^2/16.5 + (18-13.5)^2/13.5 = 5.45
```

Kwa jedwali la safu mbili kwa mbili mpaka wa kawaida ni 3.84, kwa kiwango cha asilimia 5. Yako imevuka. Na kila namba inayotarajiwa hapo imezidi 5, kwa hiyo jaribio hili linafaa. Ungekuwa na wauzaji 6 kila upande, lisingefaa.

Sasa lugha. Kinachopimwa moja kwa moja si ile kauli yako, ni kinyume chake: "hakuna uhusiano kati ya asili ya wateja na matumizi ya Kiswahili katika kupatana bei." Namba ikivuka mpaka, unaikataa hiyo. Isipovuka, huandiki "tumeikubali" wala "imethibitika kwamba hakuna uhusiano". Unaandika "data haikutoa sababu ya kuikataa". Pengine uhusiano upo, ila wauzaji wako walikuwa wachache mno kuuonyesha. Na hata ikivuka, "nadharia tete imethibitishwa" ni kauli nzito kupita data yake. "Imeungwa mkono na data" inatosha.

Mwana_wa_Newala

Mwalimu, hiyo ya kinyume naiitaje kwa Kiswahili? Nimekuta "sifuri", "batili" na "kanushi", zote tatu.

Hesabu_Mbarara

Mimi nasema sifuri, ila mimi ni mtu wa hesabu.

Bi_Msanifu

Zote utazikuta, hakuna aliyeshinda. "Batili" ndiyo siipendi, na sababu ni ya kazi: kitu batili kimeshatanguka. Ukiandika "nadharia tete batili" kabla ya data, umeshatoa hukumu kesi haijasikilizwa, kisha ukurasa wa mbele unaandika "nadharia tete batili haikukataliwa" na msomaji anachanganyikiwa kabisa. "Kanushi" inasema inachofanya, inakanusha uhusiano. "Sifuri" haina madhara. Chagua mojawapo kati ya hizo mbili, mara ya kwanza uieleze kwa sentensi kamili, kisha ushikilie hiyo hiyo.

Lugazi_Lugazi

Mimi sielewi. Hii ni Uganda. Kwa nini msiandike tu kwa Kiingereza kama watu wote?

Bi_Msanifu

Kwa sababu tasnifu ni ya idara ya Kiswahili, ndugu yangu. Tena Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikisanifisha maneno, ilihamia Makerere mwaka 1952 na kukaa hapo miaka kadhaa kabla ya kwenda Mombasa, halafu Dar es Salaam ikawa taasisi ya chuo kikuu. Kwa hiyo kazi hii si ngeni Kampala.

Turudi kwenye swali la pili la Mwana wa Newala, "methodolojia ni hojaji". Hapa vimechanganyika vitu vitatu. Hojaji ni zana: karatasi yenye maswali, unaweza kuishika. Mbinu ni kitendo: kujaza hojaji, usaili, ushuhudiaji. Methodolojia ni hoja inayoeleza kwa nini umechagua vitendo hivyo na si vingine, kwa mada hii, kwa watu hawa. Kwa hiyo sura ya tatu inaweza kuitwa "Methodolojia ya utafiti" au "Mbinu za utafiti", vyuo vinatofautiana, lakini ndani yake hivyo vitatu visikae kwenye aya moja kama visawe.

Njia ya kujikagua ni rahisi. Chukua kila nomino ya sura hiyo uulize: naweza kuibeba kwenye mkoba? Mwongozo wa usaili, daftari, kinasasauti: zana, Wakenya wengi huviita vifaa. Haibebeki lakini naweza kusema "nilifanya": usaili, ushuhudiaji, uteuzi wa sampuli. Hizo ni mbinu. Ikiwa hujaandika popote neno "kwa sababu", bado huna methodolojia, una orodha ya vitu.

Kwa mada yako "kwa sababu" inapatikana kirahisi. Hojaji pekee haikufai, maana mtu akiulizwa anatumia lugha gani hujibu lugha anayoionea fahari au ile anayodhani unataka kuisikia, hasa muulizaji akiwa Mtanzania. Ndiyo maana unahitaji kushuhudia upatanaji wenyewe. Andika hilo, msimamizi atafuta alama ya kuuliza.

Mtoto_wa_Bunia

Mimi niko afya ya jamii, tasnifu yangu ni ya Kiingereza, lakini karatasi ya maulizo ni ya Kiswahili kwa sababu nawauliza wakimbizi wa kwetu. Kamati ya maadili ilinirudishia fomu ya ridhaa. Walisema Kiswahili chake ni kigumu, watu hawatakielewa. Nilikuwa nimeandika "usaili", "hojaji", "sampuli", yote ya kamusi. Je, nayo niirekebishe kwa kamusi gani nyingine?

Bi_Msanifu

Kaka, kwako si suala la kamusi nyingine, ni suala la kuiweka kamusi pembeni. Maneno ya tasnifu yanasomwa na mtahini. Fomu ya ridhaa inasomwa na mama wa kambini, au anasomewa. "Usaili" kwa watu wengi ni wa kutafuta kazi, anaweza kudhani kuna ajira. "Mahojiano" nayo, hasa Uganda ambako Kiswahili kimeshikamana na askari kwa muda mrefu, yana harufu ya kituo cha polisi. Andika "mazungumzo" au "kuuliza maswali". Kwa watu wa kwenu andika "maulizo" kama walivyozoea. Badala ya "sampuli" sema "watu tuliowachagua", na ueleze wamechaguliwaje.

Kisha fanya tafsiri ya kurudisha. Mpe mtu mwingine, ambaye hajaiona fomu ya Kiingereza, airudishe fomu yako ya Kiswahili kwa Kiingereza. Ulinganishe na ya mwanzo mstari kwa mstari. Panapotofautiana, kosa huwa liko kwenye Kiswahili chako mara nyingi kuliko kwa yule mfasiri. Angalia zaidi mstari wa kuacha. "Unaweza kujitoa wakati wowote bila adhabu" ukirudi kama "unaweza kutoka nje", huyo mama hajaambiwa haki yake.

Hesabu_Mbarara

Na wewe Mwana wa Newala usidhani hilo halikuhusu. Unarekodi watu Kikuubo, utahitaji kibali cha kamati ya maadili kabla ya kuanza, halafu kuna usajili wa utafiti kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Uliza idarani mapema. Fomu yako ya ridhaa huenda ikahitaji Kiganda pia, maana si kila muuzaji wa pale atasoma Kiswahili.

Mwana_wa_Newala

Nimeandika yote. Sasa lile la kamusi. Nikikuta maneno matatu kwa kitu kimoja, najuaje la kuchagua?

Bi_Msanifu

Nitakueleza kwa neno moja ili usipotee: literecha rivyu yako.

Anza na kamusi ya TUKI ya Kiingereza na Kiswahili, toleo la tatu ni la 2006. Hiyo inakupa pa kuanzia. Kisha geuka nyuma: chukua jibu ulilopewa ulitafute kwenye kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, ile Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya BAKITA ya 2015 au matoleo yake ya baadaye. Kama maana iliyoandikwa humo haifanani na unachokusudia, simama. Watu wengi huruka hatua hii, na ndipo mtu anapoandika "uhakiki" akidhani amesema mapitio, kumbe kwa mwalimu wa fasihi uhakiki ni kazi nyingine kabisa.

Hatua ya tatu ni kuangalia watu wanavyoandika. Tasnifu nyingi za Kiswahili za Tanzania na Kenya ziko wazi mtandaoni. Tafuta fungu la maneno ndani ya alama za kunukuu, ukibana kwenye tovuti ya chuo kimoja kimoja:

```
"mapitio ya kazi tangulizi" tasnifu filetype:pdf site:out.ac.tz
"yaliyoandikwa kuhusu mada" tasnifu filetype:pdf site:uonbi.ac.ke
```

Ukifanya hivyo utaona kitu ambacho kamusi ya simu haisemi: haya si maneno yanayoshindana, ni desturi za pande mbili. Tanzania utakuta sana mapitio ya kazi tangulizi, kiunzi cha nadharia, usuli wa tatizo. Kenya utakuta yaliyoandikwa kuhusu mada, msingi wa nadharia, sababu za kuchagua mada. Yote ni Kiswahili safi. Kinachokera mtahini ni kiunzi ukurasa wa 9 na msingi ukurasa wa 14 kwa kitu kile kile, anadhani ni vitu viwili.

Usihesabu idadi ya matokeo iliyoandikwa juu ya ukurasa wa utafutaji, haiaminiki. Fungua tasnifu nne au tano, soma yaliyomo tu, uone vichwa vya sehemu. Na usikate tamaa ukikosa: tasnifu iliyopigwa picha kurasa zake haisomeki kwa utafutaji, na wengine wanaandika "nadhariatete" kwa kuunga. Tafuta kwa namna zote mbili.

Kasese_Juu

Haya, nimekubali kuhusu dhana. Lakini huyu yuko Uganda. Afuate Tanzania au Kenya?

Bi_Msanifu

Afuate msimamizi wake na tasnifu zilizopita katika idara yake. Aende maktaba, aombe mbili za karibuni zilizosimamiwa na mtu huyo huyo, anakili vichwa vya sehemu. Ni kazi ya saa moja na inamaliza mabishano mengi. Wasimamizi wawili wakitofautiana, mmoja wa Dar na mmoja wa Nairobi, awaandikie pamoja barua pepe moja yenye orodha ya maneno yenye ubishi, waamue wao.

Mwana_wa_Newala

Ndivyo ilivyo kwangu, mmoja mmoja! Basi nitafanya hivyo. Hapa nilipo naanza kubadilisha maneno yote kwa `Ctrl+H` ili nimalize leo.

Bi_Msanifu

Subiri! Usibonyeze kubadilisha yote kwa mkupuo. Ukiamuru kila "nadharia" iwe "nadharia tete", "kiunzi cha nadharia" kitakuwa "kiunzi cha nadharia tete", na pale ulipokuwa umeandika sahihi utapata "nadharia tete tete". Bonyeza moja moja, ukisoma sentensi nzima.

Pia ngeli zinahama. Ulisema rasimu ya kwanza ilikuwa na "dodoso"?

Mwana_wa_Newala

Sikusema, lakini ndiyo, imo mpaka sasa kwenye sura ya tatu. Umejuaje?

Bi_Msanifu

Huwa limo. Dodoso hili, madodoso haya. Hojaji hii, hojaji hizi. Ukibadilisha neno bila kugusa jirani zake utapata "hojaji hili lilijazwa". Vivyo hivyo "mahojiano yalifanyika" yakigeuka "usaili yalifanyika". Kompyuta haitapiga mstari mwekundu hapo, kila neno peke yake liko sawa. "Nadharia tete" ina nafuu: hii, hizi, na "tete" haibadiliki.

Tengeneza jedwali la safu nne kabla ya kugusa maandishi. Safu ya kwanza kitu chenyewe kwa maneno yako, ya pili neno ulilochagua, ya tatu ulipolitoa pamoja na ukurasa, ya nne maneno uliyoyaacha. Ya nne ndiyo utakayoitumia kutafuta mabaki ukimaliza. Maneno 20 hadi 30 yanatosha pendekezo zima. Kumbuka pia kwamba jina la jedwali au kichwa cha sehemu likibadilika, orodha ya yaliyomo haijibadilishi yenyewe mpaka uiamuru.

Hesabu_Mbarara

Kwenye hilo jedwali ataweka nini kwa kile kinachobadilika, kama "asili ya wateja" na "lugha ya kupatana"? Mimi hufundisha "kigeu". Kigeu huru, kigeu tegemezi.

Bi_Msanifu

Wengine "kigeugeu", nami ndilo nililolizoea.

Hesabu_Mbarara

Kigeugeu ni mtu asiyeaminika, mwalimu! Utamwambia mtahini asili ya wateja ni kigeugeu?

Bi_Msanifu

Na "kigeu" nusu ya wasomaji hawajawahi kulisikia. Ila tukubaliane jambo moja: asiandike "vigezo". Kigezo ni kipimo cha kuamulia, kwa mfano kigezo cha kumchagua muuzaji: awe amefanya biashara Kikuubo angalau mwaka mmoja. Neno hilo ana kazi nalo kwenye uteuzi wa sampuli. Akilitumia pande zote mbili, sura ya tatu haitasomeka.

Kasese_Juu

Mimi vigezo naviona kila mahali kwa maana hiyo ya kigeu.

Bi_Msanifu

Hata mimi naviona. Ndiyo shida yenyewe.

Mwana_wa_Newala

Nimeliweka kwenye barua ya wasimamizi: kigeu au kigeugeu, pamoja na sifuri au kanushi, kiunzi au msingi. Nadharia tete yangu sasa inasomeka hivi:

"Wauzaji wa Kikuubo ambao wateja wao wengi wanatoka nje ya Uganda wana uwezekano mkubwa zaidi wa kutumia Kiswahili katika upatanaji wa bei kuliko wauzaji ambao wateja wao wengi ni wa Uganda."

Hesabu_Mbarara

Inapimika. "Wengi" iwekee mpaka kwenye sura ya tatu, labda zaidi ya nusu ya mauzo ya wiki iliyopita, na ueleze utajuaje. Wauzaji hawapendi kutaja mauzo kwa mgeni.

Mtoto_wa_Bunia

Muulize wateja wake watano wa mwisho walitoka wapi. Hilo watu wanajibu.